Kilichobaki Mezani pa Bwana

Ukikaa karibu na Mama Lenox mahali palipo kimya, utausikia moyo wake. Sisemi kwa mafumbo. Kifuani mwake kuna vali ya kutengenezwa, sisi majirani tunaiita ya chuma, na kila moyo unapopiga inafunga kwa kamlio kadogo: tik, tik, tik. Nilipohamia chumba kinachopakana na chake hapa Kangemi nilidhani amenunua saa mbovu ya ukutani. Nilimwambia airudishe dukani adai pesa yake. Alicheka mpaka akashika mlango.

Jina lake ni Nanjala, mzaliwa wa Bungoma, na sokoni anauza mboga za kienyeji: managu, mrenda, kunde na saga. Utotoni aliugua koo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri, na ugonjwa ule ukashuka polepole hadi kwenye moyo. Alipofikisha miaka thelathini na kitu hakuweza kubeba hata ndoo ya maji. Wakampasua, wakamwekea vali, na tangu siku ile anameza warfarin kila jioni. Atameza hadi mwisho wa maisha yake.

Mimi ni Ivyne, msusi, na sikuwa najua chochote kuhusu warfarin. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa subira ya mtu anayechambua mrenda. Damu ikikutana na kitu kigeni mwilini hupenda kuganda juu yake. Ikiganda kwenye vali, bonge linaweza kung'oka na kupanda hadi kwenye ubongo, na mtu akaanguka akipooza. Dawa inaizuia damu isigande ovyo. Lakini dawa ikizidi nguvu, damu hukataa kuganda hata pale inapotakiwa, na mtu anaweza kuvuja damu ndani bila kujua. Kwa hiyo kliniki humtoboa kidole na kupata namba wanayoiita INR, na kwa vali yake namba hiyo inatakiwa ikae kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikishuka damu huganda, ikipanda damu huvuja, na kote ni hatari.

Kwa miaka Mama Lenox aliichunga namba hiyo kama ng'ombe wa maziwa. Mboga za majani zinaweza kuipunguzia nguvu warfarin, na yeye ndizo anazouza na ndizo alizolelewa nazo. Hakuziacha. Kliniki ilimwambia ale kiasi kilekile kila siku, naye akanunua bakuli moja la bluu, na mboga yake haikuwahi kupita ukingo wa bakuli lile. Dawa aliimeza taarifa ya habari ikianza kwenye redio. Hakuwahi kusahau. Mtu akimwambia amesahau, ni kama amemwambia anauza mboga zilizooza.

Kitu kingine alichokichunga namna hiyo ni meza ya Bwana.

Anasali katika kanisa dogo la mabati nyuma ya soko, linaitwa Mlima wa Neema, ingawa liko bondeni. Mchungaji wao ni Muthama, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Mama Lenox ndiye mtunza meza: anafua kitambaa cheupe, anapanga vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa ya soda, anamimina kinywaji na kukata mkate. Kazi hiyo aliirithi kwa Mama Rachael, mzee aliyemlea kiroho alipofika Nairobi. Mama Rachael, kabla ya kufariki, alimpa na sheria yake: kilichobarikiwa hakimwagwi, wala hakirudishwi kabatini kikawa cha kawaida. Mtunza meza hukimaliza mwenyewe, kwa heshima.

Zamani sheria hiyo haikuwa mzigo. Mchungaji alinunua chupa moja ya juisi ya zabibu, meza ikaandaliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, na kilichobaki kilikuwa mafunda mawili. Shida ilikuja na ukarimu wa Mzee Karanja.

Karanja ana nyumba za kupangisha Kangemi na duka la vyakula katika mtaa wa Jamhuri. Krismasi moja aliagiza katoni nyingi za juisi ya kranberi kwa ajili ya vikapu vya zawadi. Ni tunda jekundu, dogo, la nchi za baridi, na juisi aliyoagiza ilikuwa tupu, haijachanganywa na sukari wala maji. Wateja wa Jamhuri wakaonja wakakunja uso. Kuanzia Januari katoni zikaanza kuteremshwa kanisani. Rangi yake ilikuwa inafaa, mchungaji akashukuru, na kwa kuwa kinywaji kilikuwa tele, meza ikaandaliwa kila Jumapili. Halafu, kwa sababu Mzee Karanja hukaa mstari wa mbele na hupenda kuiona sadaka yake, chupa nne kubwa zilifunguliwa zote na kupangwa juu ya kitambaa, zikaombewa zote. Waumini walikuwa kama hamsini, kila mmoja na kifuniko chake cha soda. Piga hesabu mwenyewe.

Mama Lenox hakulalamika. Alikusanya kilichobaki kwenye jagi lenye mfuniko, akakibeba nyumbani kimefunikwa kitambaa, akakinywa. Bilauri asubuhi, bilauri mchana, nyingine jioni, tangu Jumapili hadi kiishe, na mara nyingi kiliisha Jumatano. Jumatatu akina mama wa kanisa lao hufunga, hawali hadi jua litue. Siku hiyo, ukiacha dawa yake, hakuweka kitu mdomoni isipokuwa kile kilichotoka mezani, na bakuli la bluu lilibaki kavu. Mimi nilikuwa naliona jagi. Nilidhani ni yale maji mekundu ya maua ya rozela, nikapuuza.

Kliniki yake iko katika hospitali moja huko Upper Hill. Mfamasia anayeshughulikia watu wa warfarin anaitwa Musili, kijana wa miwani, mwenye adabu lakini hana mchezo. Mwezi wa pili namba ya Mama Lenox ilipita nne. Musili akamuuliza maswali yake yote: mboga, pombe, dawa za maumivu, dawa za kuua vijidudu, mitishamba, juisi. Mama Lenox akajibu kwamba mboga ni ileile, na vingine vyote hapana. Musili akampunguzia dawa, na bado namba ikasuasua juu, akapunguza tena.

Kisha Mama Lenox akaenda Bungoma kwenye matanga ya shangazi yake, akakaa huko wiki kadhaa. Kule hakukuwa na meza ya Muthama wala chupa za Karanja. Aliporudi na kupimwa, namba ilikuwa chini ya mbili. Musili alisimama, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba na vali ile angeweza kuwa amepooza tayari. Akampandishia dawa. Jumapili mbili baadaye namba ikakaribia tano.

Ndipo Musili alipokosa subira. Alimwambia kwamba namba haichezi hivyo mtu akimeza dawa vizuri, na kwamba wagonjwa wengi huruka siku kadhaa kisha wakameza nyingi siku ya kuja kliniki ili wasigombezwe. Akamtaka aje na mtu, jirani au ndugu, wa kushuhudia akimeza kila jioni.

Mama Lenox aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni mwangu, mikono imekunjwa. Mwanawe, Lenox, anafanya kazi Eldoret, kwa hiyo mtu wa karibu nilikuwa mimi.

"Ati nahitaji askari," alisema. "Mimi. Wa kunifungua mdomo kama mtoto."

"Si ukuje tu nikuangalie, Mama Lenox. Itakudhuru nini?"

"Itanidhuru jina."

Nilimuonea huruma, na nilikasirika kwa niaba yake. Lakini niliogopa pia, maana mkononi mwake kulikuwa na alama nyeusi kubwa mahali gunia la kunde lilipomgusa tu, na alipopiga mswaki povu lilitoka na wekundu. Kwa hiyo kila jioni nilivuka na kikombe changu cha chai, nikakaa kwenye kigoda chake, habari ikaanza, naye akanifungulia mdomo mpana baada ya kumeza, kwa dharau. Tukazoea. Baada ya siku chache dharau ikawa utani, na utani ukawa mazungumzo. Nikajua habari za mume wake aliyekufa, naye akajua zangu za mume asiyekufa ingawa ningependa.

Dawa alimeza, bila kukosa hata siku moja. Nikaapa moyoni kwamba nitamwambia yule kijana wa miwani maneno.

Jumanne ya kabla ya kliniki nilimkuta akimalizia jagi. Alikuwa amefumba macho, anakunywa polepole, na uso umekunjamana kwa ukali wa kile kitu. Nikamuuliza kwa nini anakunywa rozela bila sukari.

"Si rozela," alisema. "Ni ya mezani."

"Meza gani?"

"Ya Bwana, Ivyne. Kilichobaki."

Akanieleza sheria ya Mama Rachael. Mimi ni Mkatoliki wa Kakamega, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, lakini hilo nililielewa mara moja. "Kwetu padri ndiye humaliza," nilimwambia. "Lakini inabakianga kidogo tu kwa kikombe. Hii yenu ni ya kuogea." Alinitazama vibaya, nikainamisha macho. Chini ya meza palikuwa na chupa tupu alizozihifadhi ili atilie mafuta ya kupikia. Nikaokota moja. Ilikuwa na picha ya matunda mekundu, na neno kranberi limeandikwa kwa herufi kubwa. Nikairudisha chini. Sikujua lolote kuhusu kranberi, lakini Mama Lenox alikuwa amenisimulia kwamba Musili aliuliza juu ya juisi, na hii, samahani Bwana, ilikuwa juisi.

Siku ya kliniki tuliketi wote wawili mbele ya meza ya Musili. Namba ilikuwa imepita nne na nusu. Nikatoa ushahidi wangu kwamba mama huyu anameza kila jioni na mimi nashuhudia, na nikautoa kwa sauti ya kutosha hadi watu wa kwenye foleni wakasikia. Musili alivua miwani, akaifuta, akaanza upya maswali yake. Mboga. Pombe. Dawa za maumivu. Mitishamba. Alipofika kwenye juisi, nilimgeukia Mama Lenox.

"Sinywi juisi," alisema, akimtazama Musili usoni.

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonichosha. Mtu huyo angeweza kuapa juu ya Biblia kwamba hanywi juisi, na angekuwa mkweli mbele ya Mungu wake. Nilimwomba Musili dakika moja, nikamvuta mwenzangu hadi kwenye benchi la korido.

"Mwambie ya jagi," nikasema.

"Nimwambie nini? Hiyo si juisi. Ukiita hivyo unatukana."

"Basi iite vile unataka. Lakini mwambie."

Watu walipita na faili zao, na nikausikia moyo wake, tik, tik, kasi kuliko kawaida. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema amekuwa akiwaza hilo tangu aliporudi kutoka Bungoma. Aliona mwenyewe: akiwa mbali na meza namba imeshuka, akirudi mezani imepanda. Lakini angewezaje kutamka kwa mdomo wake kwamba damu ya Yesu inamwagisha damu yake? Watu wa sokoni wangelicheka kanisa. Na Muthama angempa mtu mwingine kitambaa cheupe.

"Mimi sina kitu kingine hapa Nairobi," alisema. "Niko na mboga, na niko na hiyo meza."

Nikasema lililokuwa moyoni. "Na mimi niko na wewe huko kwa ukuta. Ukinyamaza mpaka ile kitu yako ya kifua inyamaze, mimi nitaongea na nani?"

Akainuka, akaivuta leso yake vizuri, akarudi ndani peke yake. Nikamfuata nikasimama mlangoni.

"Daktari," alisema, na hakukaa. "Kuna kitu nakunywanga, na si juisi. Ni ya meza ya Bwana. Ikibaki, mimi ndiye humaliza. Inabaki nyingi."

Nilimwangalia Musili kwa jicho la kumwonya asicheke. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo ya mezani mimi sikuisomea, na sitasema imekudhuru," alisema. "Niulize tu: kabla mchungaji hajaomba, kwa chupa ilikuwa nini?"

"Kranberi. Mzee Karanja ndiye huleta."

"Nyingi kiasi gani?"

Akamwambia: jagi zima, bilauri tatu kwa siku, wakati mwingine nne, halafu katikati ya wiki hakuna kabisa. Akamwambia na habari ya kufunga Jumatatu. Musili akashusha pumzi kama mtu aliyetafuta ufunguo siku nzima na kuukuta mfukoni.

Alimwomba akae, akamweleza polepole, na nayasema hapa kama nilivyoyasikia. Alisema ukweli ni kwamba wataalamu hawajamaliza ubishi. Watu wanaotumia warfarin wamewahi kupewa juisi ya kranberi bilauri moja au mbili kwa siku na kupimwa, na wengi wao namba haikusogea sana. Lakini wapo wengine, waliokunywa kwa wingi siku baada ya siku, hasa wakiwa hawali vizuri, ambao namba ilipanda na wakavuja damu. Na kukosa kula kunaweza kuipandisha namba kivyake, maana mboga inayoizuia dawa haipo.

"Kwa hivyo siwezi kuapa ni kranberi," alisema. "Inaweza kuwa hiyo, ama kufunga, ama zote mbili. Lakini nimekuwa nikipima dawa yako gizani, na hiyo ndiyo hatari."

"Basi nimeacha leo," alisema Mama Lenox haraka.

Musili akainua mkono. "Hapo ndipo watu huumia. Dawa hii tumeipanga na juisi ikiwa ndani. Ukiiacha ghafla na usiniambie, dawa inaweza kuwa kidogo, namba ishuke, damu igande kwa vali. Kuacha ni sawa, na nyingi hivyo nataka uache. Lakini tuache pamoja, nikikupima."

Akamwambia aruke dawa ya jioni ile moja tu, kisha aendelee kwa kipimo alichomwandikia, na arudi kupimwa baada ya siku chache, halafu tena wiki ifuatayo. Akija kuona choo cheusi, au damu ya pua isiyokoma, au kichwa kimuume kuliko alivyowahi kuumwa, asingoje kliniki, akimbie hospitali. Kikombe kidogo cha mezani pamoja na waumini wenzake hakikuwa na neno. Na mtu anayependa bilauri yake moja kila siku hakatazwi kwa lazima, alisema, mradi kliniki ijue, imlinganishe na dawa, na asibadilishe kiasi bila kusema.

Kisha akafanya jambo lililonifanya nimsamehe yote. Alimwambia, "Mama, mimi nilikudhania unacheza na dawa. Nilikukosea. Pole."

Mama Lenox aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Kilichobaki kilikuwa Muthama. Tulimkuta kanisani akipigana na waya za spika. Mama Lenox alimweleza akiwa amesimama, kitambaa cheupe kimekunjwa mikononi, kwa sababu alikuja nacho tayari kukirudisha. Alisema kila kitu kama alivyomwambia Musili, na mwisho akakinyoosha kile kitambaa. Muthama hakukipokea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mimi niliona chupa zinabaki tupu," alisema. "Sikuwahi kujiuliza nani amekunywa."

"Ni sheria ya Mama Rachael, pasta."

"Mama Rachael alikuwa anamaliza mafunda mawili. Aliyejaza chupa nne mezani ni mimi, si Mama Rachael." Akakuna kichwa. "Na ni wapi imeandikwa umalize peke yako?"

Hakukuwa mahali popote.

Jumapili ile nilihudhuria, Mkatoliki mimi, nikakaa mstari wa nyuma. Juu ya kitambaa cheupe palikuwa na chupa moja tu. Mzee Karanja alinyoosha shingo kuzitafuta nyingine. Baada ya ibada Muthama akatangaza, bila kutaja jina la mtu, kwamba tangu siku hiyo kitabarikiwa kinachotosha, na kikibaki, kanisa zima litakimaliza kabla ya mtu kushika mlango, kuanzia wazee wa mstari wa mbele. Kilikuwa kimebaki kidogo. Mama Lenox akamimina, akaanza kwa Karanja, kwa heshima zote. Mzee alimeza sadaka yake mwenyewe bila sukari kwa mara ya kwanza. Uso wake ulifanya mambo ambayo sitayasahau, na Jumapili iliyofuata akaleta juisi ya zabibu.

Namba ilishuka kidogo kupita inavyotakiwa, kama Musili alivyohofia, akaongeza dawa kidogo, akapima tena. Ikapanda taratibu ikaingia mahali pake, ikakaa. Mara ya kwanza hatukuamini. Mara ya tatu tukaamini. Nilikuwepo siku hiyo, na kwenye kiti kilicho jirani nasi mzee mmoja mgonjwa mpya alikuwa akijibu maswali ya msaidizi wa Musili: pombe hapana, mitishamba hapana, juisi hapana. Musili akageuza shingo kutoka mezani kwake akamuuliza, "Na kanisani, mzee, mnakunywanga nini?" Mama Lenox alinikanyaga mguu kwa furaha.

Musili akamgeukia. "Mama, wewe niko na imani na wewe. Shahidi hatumhitaji tena."

"Umesikia," Mama Lenox aliniambia tukiwa njiani kuelekea stendi. "Umefutwa kazi."

Nilicheka. Lakini jioni ile, chai ilipochemka, nilijikuta nimeshika kikombe na sina pa kukipeleka. Nikakaa kitandani mwangu. Kupitia ukuta nikasikia redio ikianza taarifa ya habari, na nikangoja, mjinga mimi, kana kwamba mtu angekufa nisipoangalia. Nilihisi upweke, na sioni haya kuusema.

Ukuta ukagongwa.

"Ivyne," aliita. "Si ukuje? Nimeshika dawa na maji, nakungoja."